Pima Udongo Uliolowa: Namna ya Kupata Ukubwa wa Mitaro ya Septiki Kijijini

(Hotuba kwa mafundi ujenzi na wenye nyumba, wilaya ya Muheza, Tanga)

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu mafundi, kina mama na vijana mliofika, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya septiki, lakini septiki yenyewe nitaigusa kidogo tu. Mafundi wa hapa mnaijenga vizuri. Kuta zinapigwa lipu ndani, mfuniko unafungwa nondo, bomba la kuingilia na la kutokea yanakaa mahali pake. Kinachonisumbua ni kile kinachokuja baada ya septiki, yaani pale maji yanapotakiwa kuingia ardhini. Hapo ndipo kazi nzuri yote inapoharibikia, kwa sababu hapo hatupimi. Mwenye nyumba anauliza, "Fundi, shimo la kunyonya liwe kubwa kiasi gani?" Fundi anatazama uwanja, anakumbuka shimo alilochimba kwa jirani, anasema futi kumi kwenda chini, tujaze mawe. Masika ya kwanza linahimili. Masika ya pili choo kinakataa kushuka, bafuni maji yanarudi juu, na nyuma ya nyumba panatoka tope jeusi linalonuka.

Tukumbuke septiki haimalizi maji. Inatuliza kinyesi kikae chini, inayashika mafuta yanayoelea juu, basi. Ikiingia lita 500 kwa siku, zitatoka lita 500, na zikitoka bado zina vijidudu vya kuhara na minyoo. Anayezipokea na kuzisafisha ni udongo. Kwa hiyo kabla ya kununua hata lori moja la kokoto, udongo huo lazima uulizwe unaweza kupokea kiasi gani. Kuna njia ya kuuliza, haitaki mashine yoyote. Inataka jembe, futi, fimbo, saa, madumu ya maji, na uvumilivu wa siku mbili. Siku mbili hizo ndizo watu wanazoziruka.

Nianze na umbo. Nikisema mahali pa kunyonya, leo simaanishi lile shimo refu la mviringo. Namaanisha mitaro mifupi kwenda chini, mirefu kwenda mbele, yenye kokoto na bomba lenye matundu, iliyopangwa sambamba kwenye uwanja. Udongo wa juu, ule wa mita moja ya kwanza, una hewa na una viumbe wadogo wanaokula uchafu. Maji yakipita hapo polepole, yanasafishwa. Ukichimba futi kumi unaiacha sehemu hiyo nyuma na kuyapeleka maji machafu karibu na maji ya ardhini, yaleyale yanayotoka kwenye visima vyetu. Mjini, ambako kiwanja ni kidogo, mtu anaweza kukosa namna. Kijijini nafasi ipo.

Kwa hiyo shimo la kwanza kuchimba ni la uchunguzi, na hili lisichanganywe na mashimo ya kupimia. Ni shimo la mtu kuingia, lenye kina cha mita 2 au zaidi kidogo, ubavuni mwa uwanja unaotarajia kuutumia, si katikati yake. Unatafuta mambo mawili. La kwanza ni tabaka: je, huo udongo mwekundu unaendelea, au chini kuna mwamba au mfinyanzi mgumu? La pili ni maji. Sasa hapa sikilizeni, maana wengi wanachimba kiangazi, wanakuta chini pakavu, wanafurahi. Pakavu mwezi wa pili hakukuambii kitu juu ya mwezi wa tano. Lakini udongo huweka kumbukumbu. Kwangua ukuta wa shimo kwa kisu, utazame rangi. Ukiona udongo mwekundu unaanza kuwa na madoa ya kijivu yaliyochanganyika na madoa ya rangi ya kutu, ujue hapo maji husimama kwa majuma kadhaa kila mwaka. Maji yakisimama hewa inakosekana, chuma kilichoupa udongo wekundu wake kinayeyuka na kuondoka, panabaki kijivu; yakishuka, chuma kinashika kutu tena hapa na pale. Pima pale madoa yanapoanzia. Kimo hicho kichukue kuwa ndicho usawa wa maji wa masika, hata kama leo mguu wako umekanyaga vumbi. Miongozo mingi inataka mita 1.5 za udongo kati ya chini ya mtaro na maji ya ardhini, na mita 30 toka kisima chochote. Mimi hupenda kisima kiwe mbali zaidi ya hapo, na kiwe upande wa juu wa mteremko.

Sasa mashimo ya kupimia. Yawe mawili kwa uchache, mbalimbali ndani ya uwanja, na matatu ni bora. Kila shimo ni la mraba, sentimita 30 kwa sentimita 30, na chini yake pafike usawa uleule ambao chini ya mtaro patafika. Kama mtaro utakuwa na kina cha sentimita 70, bomba litakaa kwenye sentimita 40, na sentimita 30 za chini ndizo za kupimia. Ili mkono ufike, chimba kwanza shimo pana hadi sentimita 40, kisha katikati yake chonga lile la mraba. Msilipanue wala msilifinye. Maji hayashuki kwa kupitia chini peke yake, yanatoka pia kwa kuta nne. Kwenye shimo la mraba la sentimita 30, maji yakiwa yamefika nusu, kuta zina eneo mara mbili ya chini. Ukichimba shimo jembamba, mchango wa kuta unazidi, maji yanashuka haraka zaidi kwenye udongo uleule, na hesabu nitakayowapa itawapotosha. Wamarekani wana njia yao ya shimo jembamba, na wana majedwali yao yanayokwenda nayo. Hesabu ninayowapa ni ya Waingereza na inakwenda na shimo lao. Msichukue shimo la huku na hesabu ya kule.

Ukimaliza kuchonga, pitisha kidole ukutani. Kama ukuta ni laini na unang'aa, jembe limeusiliba: limeupaka udongo wake wenyewe na kuziba vitundu. Chukua msumari au ncha ya kisu, ukwaruze kuta zote mpaka ziwe na mikwaruzo, kisha toa vumbi lote lililoangukia chini. Weka kipande cha gunia chini ili maji unayomimina yasitibue tope. Usimimine kwa kishindo.

Tunafika kwenye jambo ambalo ndilo limenileta. Jaza shimo maji sentimita 30. Ni lita 27, dumu moja na theluthi. Kisha usipime. Yaache yanywewe, na uyaache mpaka kesho. Yakiisha upesi, jaza tena, na tena, mpaka jioni. Kesho asubuhi ndipo upime.

Kwa nini? Udongo mkavu una kiu ya aina mbili. Kwanza una nafasi tupu kila mahali, na maji yanazijaza. Pili unayavuta kwa nguvu pande zote, hata kwenda juu, mnavyoona ukuta wa udongo unavyopanda unyevu toka chini. Nguvu hiyo inakwisha udongo ukishalowa. Na ikiwa udongo una mfinyanzi ndani yake, kuna la tatu: chembe za mfinyanzi zikinywa maji zinavimba, na zikivimba zinabana njia. Kuvimba huko hakuishi kwa dakika kumi, kunachukua saa nyingi. Sasa jiulizeni mtaro wa septiki utakuwa katika hali gani maisha yake yote. Utapokea maji asubuhi, mchana na usiku, mwaka mzima. Hautakauka kamwe. Anayepima shimo kavu amepima hali ambayo mtaro wake hautaiona tena baada ya juma la kwanza.

Kesho yake chukua fimbo nyoofu, uweke alama mbili: moja sentimita 7.5 toka chini, nyingine sentimita 22.5. Isimike katikati ya shimo mpaka igote chini. Jaza maji tena hadi sentimita 30. Yakishuka yakagusa alama ya juu, anza saa. Yakigusa ya chini, simamisha. Unapotazama, inama jicho liwe karibu usawa na maji. Ukitazama ukiwa umesimama, ukingo wa maji unapanda kwenye fimbo na kukudanganya dakika kadhaa. Kati ya alama hizo mbili kuna milimita 150. Geuza muda wako kuwa sekunde, gawanya kwa 150, unapata sekunde ambazo maji huchukua kushuka milimita moja. Rudia mara tatu kwa kila shimo. Ukiona kila mara muda unarefuka sana kuliko uliotangulia, udongo bado unaendelea kulowa. Endelea kupima mpaka nyakati zikaribiane. Siku ya mvua kubwa usipime.

Sasa niwape nyumba moja, hapa hapa kwenye vilima vya chini vya Usambara. Watu sita, nyumba ina choo cha kuvuta ndani, bafu, na sinki la jikoni. Fundi alikuwa amekwisha kukadiria shimo la mita 3. Shimo la uchunguzi likachimbwa mpaka mita 2.4. Lilikuwa kavu kabisa, lakini madoa ya kijivu yalianzia mita 2.2. Lile la mita 3 lingekaa ndani ya maji kila masika. Tukatoa mita 1.5 za usalama, ikabaki sentimita 70. Huo ndio ukawa mwisho wa kina cha mitaro, na ndipo tulipoweka mashimo ya kupimia. Mnaona namna kina kinavyotoka kwenye udongo wenyewe.

Shimo la kwanza tulilijaza likiwa kavu, na kwa kuwa vijana walikuwa na hamu, tuliwaachia wapime palepale wajionee. Maji yalitoka alama ya juu hadi ya chini kwa dakika 21. Kesho yake, baada ya kulowa usiku kucha, yalichukua dakika 76, kisha 81, kisha 83. Shimo lilelile, fimbo ileile. Muda umekuwa karibu mara nne.

Shimo la pili lilituletea jambo jingine. Lilikuwa hatua chache toka kichuguu cha zamani. Maji yote yaliisha kwa dakika nne, na yalipokuwa yakishuka mapovu yalikuwa yanatoka upande mmoja tu, kwenye kona. Tukikwangua kona hiyo tukakuta tundu la mchwa, kidole kinaingia. Kijana mmoja akasema, "Basi mitaro tuiweke hapa, panakunywa vizuri." Nikamweleza hapa hapanywi, panavuja. Tundu hilo linapeleka maji machafu bila kuyachuja, huenda mpaka mahali usipopajua, na siku tope la septiki litakapoliziba utabaki na udongo uleule wa kawaida uliokataa kuupima. Namba hiyo tuliitupa. Ndiyo maana nasema mashimo yasiwe moja, maana ukiwa na moja tu huna cha kulinganisha nalo. Tulichimba jingine mbali na kichuguu, tukalilowesha usiku mzima kama lile la kwanza, likatoa dakika 95, 101 na 104.

Hesabu sasa, taratibu. Wastani wa shimo la kwanza ni dakika 80, sawa na sekunde 4,800. Gawanya kwa 150, unapata sekunde 32 kwa milimita. Shimo jingine wastani wake ni dakika 100, sekunde 6,000, unapata 40. Wastani wa mashimo yote mawili ni 36. Kanuni yenyewe ni fupi, iandikeni:

A = p × Vp × 0.25

A ni eneo la chini ya mitaro kwa mita za mraba, p ni idadi ya watu, na Vp ni zile sekunde kwa milimita. Watu 6, mara 36, mara 0.25, ni mita za mraba 54. Mtaro ukiwa na upana wa sentimita 60, hiyo ni mita 90 za mtaro. Kwa zile dakika 21 za shimo kavu tungepata mita za mraba 12.6, yaani mita 21 tu za mtaro. Uwanja ungekuwa chini ya robo ya unaotakiwa, na sote tungeapa kwamba tumepima.

Najua mita 90 zimewashtua. Mtu mwenye akili ataniuliza: maji yanashuka milimita moja kwa sekunde 36, kwa siku nzima yenye sekunde 86,400 yangeshuka milimita 2,400. Kila mita ya mraba ingekunywa lita 2,400 kwa siku. Nyumba ya watu sita haifikishi hata lita elfu moja. Mita moja ya mraba haitoshi?

Swali ni zuri, na jibu lake ndilo linaloeleza ile 0.25. Maji tuliyopimia ni ya kisima, safi. Maji ya septiki yana chembe na yana chakula cha vijidudu. Baada ya miezi kadhaa, chini ya mtaro hujengeka utando mweusi wenye utelezi, na kuanzia hapo anayeamua kasi ya maji kuingia ni utando huo kuliko udongo wenyewe. Kwa hesabu yetu, mtaro unapewa chini ya lita 17 kwa kila mita ya mraba kwa siku, ilhali maji safi yaliahidi 2,400. Utando si adui wetu kabisa, kwa sababu ndio unaochuja vijidudu vingi. Ila unataka eneo.

Kumbe basi kipimo hiki hakisemi maji machafu yatanyweka kwa kasi gani. Kinatuwezesha kulinganisha udongo wetu na udongo mwingine ambao tabia yake inajulikana. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa. Mhandisi wa jimbo la New York, Henry Ryon, miaka ya 1920, alikwenda kwenye mifumo iliyokuwa imetumika miaka mingi, akachimba shimo la futi moja za mraba karibu nayo, akapima maji yanavyoshuka, akalinganisha na namna mfumo ulivyokuwa unahimili au kushindwa. Namba za vitabuni zilianzia kwenye mazoea ya namna hiyo. Ndiyo sababu nang'ang'ania shimo liwe la mraba, lilowe usiku kucha, lipimwe baina ya alama zilezile. Ukibadilisha utaratibu, umepoteza ule ulinganisho, na namba yako inabaki yatima.

Kuna jambo moja ambalo kanuni hiyo haikuliwazia, nalo ni maisha yetu. Imetengenezwa kwa watu wanaotumia takriban lita 150 kwa siku kila mmoja. Nyumba ile ya watu sita ilikuwa na simtanki la lita 1,000, likijazwa kila baada ya siku mbili. Ni lita 500 kwa siku, yaani kama 83 kwa mtu, kupita nusu kidogo. Ukipunguza kwa uwiano huo, mita za mraba 54 zinakuwa 30. Tuliamua hivi: uwanja ukatengwa kwa mitaro mitano ya mita 18 kila mmoja, yenye nafasi ya mita 2 za udongo usioguswa kati ya mtaro na mtaro, jumla mita 11 kwa 18. Mitaro mitatu ikachimbwa, ambayo ni mita za mraba 32.4, na nafasi ya miwili ikaachwa na kuandikwa kwenye ramani ya nyumba. Siku wakifunga pampu, au mtoto akiolea hapo hapo, miwili hiyo itachimbwa. Kupunguza namna hii nakubali tu mahali ambapo matumizi ya maji yanajulikana kwa tenki au kwa mita, na nafasi ya baadaye imelindwa isijengwe banda. Mtu akinipunguzia kwa sababu kokoto ni ghali, sikubaliani naye. Gharama naijua: mitaro ile mitatu ilikula mita za ujazo za kokoto zinazokaribia 14 na nusu. Lakini bafu lisilomwaga maji ya bure, na maji ya mvua ya paa yanayoelekezwa mbali na septiki, hayo yanapunguza mzigo kihalali.

Kuna udongo ambao kipimo kitakuambia hapana, na hapana hiyo mkiikuta muipokee. Vp ikipita 100, yaani maji yakichukua zaidi ya saa 4 na dakika 10 kushuka toka alama hadi alama, mitaro haitafanya kazi. Udongo mweusi wa mbuga mara nyingi uko hapo, nao ni hatari kwa sababu kiangazi una nyufa. Maji ya kwanza yanazama kwa kasi ya kushangaza, kisha udongo unavimba, nyufa zinafumba, na shimo linakaa na maji kama karai. Hapo fikirieni tuta la mchanga lililoinuliwa juu ya ardhi, au choo kisichotumia maji mengi. Upande wa pili, Vp ikiwa chini ya 12, maji yanapita haraka kuliko udongo unavyoweza kuyasafisha. Ndugu zetu wa Pwani na visiwani wanaochimba kwenye mawe ya matumbawe wanalijua hili: shimo la kunyonya halijai kamwe, wanalisifu, na kisima cha jirani kinabeba uchafu wake. Udongo unaokunywa sana unastahili kuogopwa sawa na usiokunywa.

Neno juu ya kuchimba, maana nimeona kipimo kizuri kikiuawa siku ya kazi. Msichimbe mitaro udongo ukiwa mbichi wa mvua. Mtasiliba chini na kuta kama jembe lilivyosiliba lile shimo dogo, na humo hamtakuwa na msumari wa kukwaruza mita 54. Chukua udongo kiganjani, ufinyange: ukikunjika kama uzi badala ya kuvunjika, subirini. Msikanyage chini ya mtaro uliokwisha kusawazishwa. Mtaro ufuate usawa wa kilima, ukiukata mteremko, usishuke nao, na chini pawe sawa. Pimeni kwa mpira wa maji toka mwanzo hadi mwisho, maana mwisho ukiwa chini zaidi maji yote yatakimbilia huko na mtaro uliobaki hautafanya kazi yoyote. Kokoto ziwe zimeoshwa. Sentimita 30 chini ya bomba, na 5 juu yake, kisha tandika magunia au nyasi kavu kabla ya kurudisha udongo, ili udongo usishuke kwenye kokoto. Nailoni msitandike, inazuia hewa. Na baada ya hapo lori lisipite juu yake, wala mwembe usipandwe. Majani mafupi yanatosha.

Nyuma ya ofisi ya kijiji kuna mashimo mawili. Vijana waliyajaza jana mchana na kuyaongeza maji jioni, na leo asubuhi nimekuta maji yote yamekwisha kunywewa, kwa hiyo yako tayari. Fimbo zina alama, madumu yamejaa. Tugawanyike makundi mawili, kila kundi liwe na mtu mmoja wa saa na mmoja wa kuandika, na mtu wa saa asitazame karatasi ya kundi la pili mpaka vipimo vyote vitatu viishe. Itachukua mpaka alasiri. Kina mama wa chakula wamesema wataleta hukohuko.